Bando la GB 4 la mamdogo lilikuwa linaishia wapi

Mamdogo wangu ni fundi cherehani Korogwe. Kila mwezi hununua bando la intaneti la GB 4, na kila mwezi likifika siku ya kumi au kumi na moja, meseji inaingia kwamba limekwisha. Siku zilizobaki huishi kwa vibando vya siku moja moja, ambavyo ukivijumlisha vinapita bei ya lile la mwezi. Nilipopita kumsalimia mwezi wa tano hakunikaribisha hata chai kwanza. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanisogezea simu. "Haya, wewe si fundi simu? Nionyeshe wanaiba saa ngapi."

Wezi aliowakusudia ni kampuni ya simu. Sikubishana naye, maana lawama hiyo naisikia kila siku kwenye meza yangu ya kazi na wakati mwingine mteja ana haki. Ila kabla ya kumshika mtu wa nje lazima uangalie ndani, na simu ya Android hukuandikia yenyewe kila programu imekula kiasi gani. Kwenye simu ya mamdogo njia ni `Settings`, `Network & internet`, `SIMs`, kisha `App data usage`. Simu nyingine huyaita majina tofauti kidogo, lakini ukitafuta neno `data usage` kwenye kisanduku cha juu cha mipangilio utafika.

Kuna mtego mmoja hapo ambao huwapotosha wengi. Simu huhesabu mwezi kuanzia tarehe 1, wakati bando la mamdogo lilinunuliwa tarehe 6. Ukisoma hivyo hivyo, unachanganya bando la zamani na jipya na hesabu haifanani na ya kampuni, basi unaamini umeibiwa. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kubadili siku ya kuanza mzunguko iwe tarehe 6. Orodha ikajipanga upya, na hapo ndipo nilipomwita akae karibu.

Jumla ilikuwa GB 4 kasoro kidogo, sawa na ya kampuni. Mwizi wa nje hakuwepo. YouTube ilikula GB 1.3, WhatsApp MB 560, Play Store MB 210, Chrome MB 90, na vitu vidogo vidogo kama MB 140. Juu kabisa ya orodha, mbele ya hayo yote, palikuwa na mstari ambao si programu: `Hotspot & tethering`, GB 1.7.

Mamdogo akauliza hiyo ni programu gani, mbona hajawahi kuifungua. Nikamwambia hiyo ni data iliyopita kwenye simu yake ikaenda kwenye simu ya mtu mwingine. Alinyamaza kidogo, kisha akageuza shingo kuelekea chumbani, ambako kijana wake wa kidato cha pili alikuwa amejilaza na simu.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu karibu kila mafunzo ya kubana bando yanalirudia. Kabla hata sijaufikiria ule mstari wa juu, niliwasha `Data Saver`. Ipo hapo hapo kwenye `Network & internet`, ni swichi moja tu. Nikamwambia mamdogo kazi imekwisha, nikarudi Tanga.

Siku ya pili akanipigia. Mteja alimtumia picha ya gauni na vipimo asubuhi, na yeye hakuona kitu mpaka alipofungua WhatsApp saa nane mchana. Mteja alishaenda kwa fundi mwingine. Na lingine: kijana alitaka hotspoti ya kusomea, simu ikakataa kuiwasha mpaka `Data Saver` izimwe, basi kaizima. Kwa hiyo swichi ilidumu siku moja, ikamtia hasara ya gauni, na bando halikuokoka.

Hapo ndipo inabidi kuelewa swichi hii inafanya nini. `Data Saver` ya Android, iliyokuja na toleo la 7 mwaka 2016, haibani ukubwa wa kitu unachokitazama. Inachofanya ni kuzifungia mlango programu ambazo hujazifungua, zisichote data kimya kimya nyuma ya pazia. Programu ikiwa mbele ya macho yako inaendelea kula karibu kama kawaida. Ukibonyeza jina la programu kwenye ile orodha ya matumizi, utaona sehemu mbili, `Foreground` na `Background`. Nilipobonyeza YouTube ya mamdogo, karibu GB 1.3 yote ilikuwa `Foreground`, na `Background` haikufika hata MB 20. Maana yake swichi ile ingeweza kuwaka mwaka mzima na YouTube isipungue chochote. Iliyokuwa inafanya kazi nyuma ya pazia ni WhatsApp na Play Store, na katika hizo mbili WhatsApp ndiyo anayoitegemea kwa riziki.

Niliporudi wiki iliyofuata tukaiwasha tena, safari hii kwa akili. Ndani ya ukurasa wa `Data Saver` kuna sehemu iitwayo `Unrestricted data`, ambayo ni orodha ya walioruhusiwa. Tukaiweka WhatsApp humo na nyingine zote tukaziacha nje. Meseji za wateja zikarudi kuingia kwa wakati. Lakini WhatsApp ikishaachiwa mlango wazi lazima uibane kwa ndani, la sivyo itapakua kila video ya kikundi cha harusi. Kwenye mipangilio yake, `Storage and data`, kuna `Media auto-download`. Kwenye `When using mobile data` tukaondoa alama zote, picha nazo. Sasa picha ikiingia mamdogo huona ukungu wenye ukubwa wake umeandikwa, naye huamua aibonyeze au aiache. Picha ya gauni ya mteja huibonyeza. Video ya watu wanakata keki, yenye MB 28, huipita.

Kisha YouTube. Hii ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu zaidi, kwa sababu mamdogo haangalii kwa kupoteza muda. Anajifunza kukata shingo na mikono ya mitindo mipya, na anayoyaona jioni huyashona asubuhi.

Nilitaka aone tofauti kwa macho yake, si kwa maneno yangu. Tukachukua video moja ya kukata gauni, tukaicheza dakika kumi kwa kila ubora, na kabla na baada ya kila mzunguko tukasoma mstari wa YouTube kwenye orodha ya matumizi. Kwa 720p ilikula kama MB 140. Kwa 480p, MB 70. Kwa 360p, MB 40. Kwa 240p, MB 25. Na kwa 144p, MB 15. Namba hizi huyumba kati ya video na video, maana picha yenye watu wanaocheza ngoma inahitaji data nyingi kuliko mikono ya fundi juu ya meza isiyotikisika, lakini ngazi hubaki zile zile. Angalia pia kwamba kushuka kutoka 240p hadi 144p kunaokoa MB 10 tu, wakati kushuka kutoka 720p hadi 480p kunaokoa 70. Huko chini sehemu kubwa ya data ni sauti, na sauti haipungui sana ukishusha picha.

Halafu tukaweka hesabu mezani. GB 4 kwa siku 30 ni MB 133 kwa siku, kwa kila kitu. Dakika kumi za 720p zinaimaliza siku nzima na kudai deni. Kwa 360p anapata nusu saa ya kusoma na sehemu ndogo inayobaki ya WhatsApp.

Kwenye YouTube tukaenda `Settings`, kisha `Video quality preferences`. Hapo kuna sehemu mbili, ya mtandao wa simu na ya waifai. Kwenye `Video quality on mobile networks` tukachagua `Data saver`. Nilidhani hapo nimemaliza, mpaka nilipogusa kitufe cha gia juu ya video na kuona bado inacheza 480p. `Data saver` ya YouTube haikuahidi namba yoyote. Inachagua yenyewe kitu cha wastani, na mtandao ukiwa mzuri wastani huo si mdogo kwa mtu mwenye MB 133 kwa siku. Ukitaka namba kamili lazima uguse gia, `Quality`, kisha `Advanced`, uchague mwenyewe. Na chaguo la `Advanced` ni la video hiyo moja tu. Ukifungua nyingine, linarudi kama zamani. Wengi wanaosema "niliweka 144p lakini bando bado linaisha" wameweka kwa video moja, siku moja.

Dawa tuliyoipata ilikuwa ndani ya ukurasa mwingine wa mipangilio hiyo hiyo, uitwao `Data saving`. Kuna swichi ya `Select quality for every video`. Ukiiwasha, kila video hukupa nafasi ya kuchagua ubora wake. Ni usumbufu, mamdogo alilalamika siku mbili, lakini usumbufu wenyewe ndio breki. Zamani palikuwa na programu ya YouTube Go, iliyokuonyesha ukubwa wa video kwa MB kabla hujaigusa. Waliifunga Agosti 2022, na mimi mpaka leo sijaona kilichoziba pengo lake vizuri. Na ukikutana na ushauri wa kuwasha `Lite mode` kwenye Chrome, usihangaike kuitafuta; iliondolewa Machi 2022, ushauri ndio uliobaki.

Ubora gani unatosha? Inategemea unatazama nini, na hili mamdogo alilijua kuliko mimi. Kwa 144p huoni namba za futi ya mkanda, ni mchanga mtupu. Kwa 240p unaona mkono unapita wapi na mkasi unaanzia wapi, lakini mwalimu akiandika vipimo kwa chaki juu ya kitambaa husomi. Kwa 360p unasoma. Basi akajiwekea utaratibu wake: video mpya huipitia kwa 144p kuona kama ina maana, akifika sehemu ya kuchora shingo hupandisha 360p, na vipimo vikionekana hupiga picha ya kioo. Picha ya kioo ndiyo iliyookoa zaidi ya alivyotarajia. Awali alikuwa akiirudisha video ile ile mara tano au sita wakati wa kukata, na ukirudisha nyuma sana au ukaifungua tena kesho, simu inaivuta upya na unailipia upya. Sasa vipimo viko kwenye picha zake, na picha iliyoko kwenye simu haili kitu.

Jambo moja lilishindikana, na ni vizuri kulisema. Mamdogo hupenda kaswida ziimbe kwenye YouTube akiwa anashona, simu imelala chali juu ya meza ya cherehani, hakuna anayeitazama. Hata kwa 144p hiyo ni karibu MB 90 kwa saa. Akishona saa mbili tu tayari amepita mgawo wa siku. Hakuna mpangilio wa kuliponya hilo ndani ya GB 4. Tulizima `Autoplay` ili ikiisha moja isilete nyingine, kisha nikamchomekea waya wa masikio nikamfungulia redio ya FM iliyomo kwenye simu. Waya unafanya kazi ya antena, data haitumiki hata chembe. Kaswida anazozipenda hasa nilimpakulia kutoka kwenye waifai ya dukani kwangu nikamwekea kwenye kadi.

Tuje kwa kijana, maana ndiye aliyeshika GB 1.7, na hapa ndipo kisa hiki kilipo hasa.

Hakuwa amefanya ubaya. Anaangalia masomo ya fizikia, na alishaambiwa abane bando, hivyo simu yake ilikuwa imepangwa vizuri kuliko ya mama yake. YouTube yake kwenye mtandao wa simu: `Data saver`. WhatsApp yake kwenye data ya simu: haipakui chochote. Nilipoiona nikamsifu. Kisha nikafungua orodha ya upande wa pili, ile ya data isiyo ya laini, ambayo kwenye simu yake imeandikwa `Non-carrier data usage`. YouTube GB 1.2, WhatsApp MB 300, nyingine MB 200.

Kisa chote ni neno waifai. Hotspoti ya mama ni bando la laini, lakini inapofika kwenye simu ya kijana inafika kama waifai. Simu yake haioni mnara wa Korogwe, inaona waifai kama ya hotelini, na mipangilio yote aliyoiweka kwa ajili ya mtandao wa simu inakaa pembeni. YouTube inasoma `Video quality on Wi-Fi`, ambayo haikuguswa, na mtandao ukiwa na kasi inampa 720p. WhatsApp inasoma `When connected on Wi-Fi`, ambayo kwa kawaida huwa imeruhusiwa kupakua picha, sauti, video na nyaraka zote. Kijana alikuwa amefunga mlango wa mbele vizuri kabisa, na yeye mwenyewe akawa anaingilia wa nyuma kila jioni.

Simu za Android zina ujanja wa kutambuana. Mara nyingi simu moja ikirusha hotspoti kwa nyingine huiambia kwamba data hii inalipiwa, na mfumo huahirisha kazi nzito. Lakini hiyo haizisaidii programu zinazouliza swali moja tu, hii ni waifai au siyo. Na kompyuta mara nyingi haipati hata hiyo taarifa: Windows ikinusa hotspoti inaweza kuanza kushusha masasisho yake usiku huo huo, mpaka uiwekee alama ya `Metered connection` mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye simu ya kijana tulifanya mambo matatu. Tukafungua waifai ya mama, tukaingia kwenye maelezo yake, tukabadili `Network usage` kutoka `Detect automatically` kwenda `Treat as metered`. YouTube upande wa waifai tukaiweka `Data saver` na kuwasha ile ya kuchagua ubora wa kila video. WhatsApp upande wa waifai tukaondoa alama zote. Kwa somo la fizikia 240p inatosha mpaka mwalimu aandike ubaoni, na hapo hupandisha 360p. Mama naye akaweka sheria yake, ambayo haipo kwenye mipangilio yoyote: hotspoti inawashwa na yeye, saa moja jioni, inazimwa kabla ya kulala. Kwa muda huo `Data Saver` ya mama inabidi izimwe, kwa sababu haikai pamoja na hotspoti, kisha huiwasha tena. Akisahau, Play Store inajua. Nayo tukaiambia isisasishe programu yenyewe.

Mwisho tukaweka walinzi wawili kwenye `Data warning & limit`. Onyo likawa GB 2. Bando likianza tarehe 6, onyo hilo likija kabla ya tarehe 20 ujue kuna kitu kinavuja. Kikomo kikawa GB 3.9, ambapo simu inajikatia data yenyewe, ili bando lisiishe katikati ya video na salio la kawaida likaanza kuliwa. Usikiweke 4 kamili, kwa sababu hesabu ya simu na ya kampuni hupishana kidogo.

Bando jipya lilinunuliwa tarehe 6 ya mwezi uliofuata, na kila wiki nilimpigia anisomee orodha. Wiki ya kwanza MB 740, nikajua tunafika. Wiki ya pili MB 1,180, na onyo la GB 2 likakaribia kabla ya wakati. Nilimwambia asome mstari wa `Hotspot & tethering`. Ulikuwa umepanda MB 400 ndani ya siku mbili. Kumbe mamdogo alibadilisha jina na nywila ya hotspoti, kwa sababu jirani alikuwa ameijua. Kwa simu ya kijana hiyo ni waifai mpya kabisa, na `Treat as metered` ilikaa kwenye ile ya zamani. Na kijana, kwa kuwa kulikuwa na mtihani, alikuwa amechoka kuchagua ubora kila video, akaizima swichi. Tulirudisha vyote kwa simu, mimi nikielekeza, yeye akisoma kilichoandikwa kwenye kioo herufi kwa herufi. Wiki ya tatu ikawa MB 860. Siku tisa za mwisho MB 1,040.

Siku ya thelathini, jioni, zilikuwa zimebaki MB 180. Kijana alitaka ziende kwake. Mamdogo alikataa, akasema yeye mwezi mzima ametazama sindano kama kivuli, leo anataka kuiona. Akatoa kikomo, akafungua video ya dakika kumi na mbili ya shingo ya kola, akagusa gia, akachagua 720p, na mimi nikiwa hewani naye nikamsikia akisema, "Ah, kumbe anashonea kwa ndani."